Mstari wa Tano

Kwa miaka kumi na tisa Anastase alilipua mawe kwenye karieri, machimbo ya mawe ya kusini mwa Uvira, pale mlima unaposhuka hadi karibu kugusa ziwa na barabara ya Makobola inajipenyeza katikati yao, na kwa miaka yote hiyo hakuna mtu aliyepoteza hata ukucha chini ya mkono wake. Yeye mwenyewe hakuwa analisema hilo. Alipenda wengine waliseme, na wakilisema alijifanya anafuta miwani.

Miaka kumi na mitano ya mwanzo aliifanya kazi hiyo bila karatasi. Karatasi alikuwa nayo Mzungu aliyesimamia karieri. Sheria ilisema mtu asiguse baruti kama hana permi ya butefe, yaani ruhusa ya serikali ya yule anayewasha moto wa kulipua, na Mzungu aliitundika permi yake ukutani ndani ya fremu, yeye mwenyewe akakaa kivulini na chupa ya bia. Aliyejaza mashimo ni Anastase. Aliyekata tambi, aliyewasha, aliyehesabu milio, ni Anastase. Mzungu alitia sahihi. Ungemuuliza mwanamke yeyote anayepita na beseni la ndagala, dagaa wa ziwa lile, kichwani nani ni butefe wa pale, angekujibu bila kusimama, lakini sheria haikuwahi kuwauliza wanawake wa ndagala.

Uhuru ulipokuja, Mzungu alivuka ziwa na boti ya asubuhi, akaacha kofia yake kwenye msumari. Karieri ikanyamaza miezi minane. Baruti ilikuwepo, Anastase alikuwepo, permi haikuwepo. Ndipo akapanda lori hadi Bukavu, akafanya mtihani mbele ya wakubwa watatu, akarudi na kadi ya kijivu yenye picha yake, muhuri, na jina lake lote bila kosa. Aliifunga ndani ya nailoni akaivaa shingoni pamoja na medali ya Bikira Maria. Siku hiyo alilia mbele za watu na hakuona haya.

Nyumbani alikuwa na mtu mmoja tu, binti yake Spès. Mkewe alifariki mtoto akiwa na miaka minne, na Anastase, aliyeweza kukata utambi kwa kipimo bila rula, alijifunza kusuka nywele akiwa na vidole vinavyonuka baruti. Alizisuka vibaya. Spès alikwenda shule ya masista hivyo hivyo, na hakuwahi kumwambia kwamba wenzake walimcheka.

Protais alitoka Sange, kwa wakulima wa mpunga. Alikuja karieri kutoboa mawe kwa chuma na nyundo, kijana mpole asiye na makuu, mwenye kuuliza kila kitu mara mbili. Malaria ilipomlaza Anastase wiki mbili na karieri nzima ikalala naye, mwenye karieri alisema lazima apatikane butefe wa pili, na Anastase akamchagua Protais. Kumbe Spès alikuwa ameshamchagua zamani.

Mtu hawi butefe kwa kusoma tu. Protais alipewa kijitabu chenye mistari mitano, na kila mstari ulingoja siku yake, tarehe yake, na sahihi ya mwenye permi aliyesimama kando yake akimtazama akifanya. Miezi ikapita. Mstari wa kwanza ni wa kuhifadhi: baruti nyumba yake, na kapsuli, vile vibomba vidogo vya kuiamsha, nyumba yake nyingine mbali, na funguo zisikae mfuko mmoja. Protais alijua. Alijua kuwasha kipande cha utambi na kupima kwa saa kinaungua kwa muda gani kabla ya kuuamini mkebe mzima. Alijua kujaza shimo kwa fimbo ya mti, kamwe si ya chuma, kisha kuliziba kwa udongo mbichi. Alijua kupuliza tarumbeta, kufunga barabara pande zote mbili, na kuhesabu. Mistari minne ilijaa sahihi.

Wa tano ukabaki mweupe. Huo ulikuwa wa rate, baruti iliyowashwa ikakataa kulipuka.

Na ulibaki mweupe kwa sababu ya uhodari wa Anastase mwenyewe. Katika miezi yote ya Protais hakukuwa na rate hata moja. Ya mwisho ilikuwa imepita miaka mitatu. Wachimba mawe wa pale waliiita jiwe lililolala, na hata jina hilo hawakulitamka wakiwa karieri, kwa mwiko wao kwamba kulitaja ni kuliita. Anastase, aliyekuwa akimcheka kila mwenye hirizi, mwiko huo aliushika kuliko wote. Siku ile ya miaka mitatu iliyopita aliwafukuza wafanyakazi wote warudi makwao, akapanda peke yake, akashuka jioni, akafunga mdomo. Hakuna aliyejua alifanya nini huko juu.

Januari ya mwaka wa nne wa uhuru zikaja habari kwamba mkaguzi atateremka kutoka Bukavu, siku moja tu, kuwatahini watu. Baada ya hapo nani ajuaye. Kwenye bonde la Ruzizi maneno yalikuwa yameanza kuchemka, vijana walikuwa wanapotea vijijini na kusemekana wamepanda milimani, na madereva walikuwa wanachagua saa za kusafiri. Asiye na mistari mitano haingii mtihanini.

Spès alimkuta baba yake akinoa kisu uani.

"Baba, mkaguzi anakuya Jumatatu."

"Nilisikia."

"Protais anasema, kama haiko na permi, ataenda Kamituga. Kule mu migodi wanatafuta bantu. Na minye nitamufuata, Baba. Nitafanya je?"

Kamituga! Anastase aliendelea kunoa kisu kilichokwisha kunoleka. Aliiona nyumba bila sauti yake. Aliona Krismasi ya peke yake. Na lazima tuseme kweli hapa, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuja kuisema baadaye: hakumfikiria Protais hata kidogo. Alijifikiria yeye.

"Mwambie alete kijitabu," akasema.

Protais alikileta siku iliyofuata, saa ya chakula, wakiwa wamekaa kwenye sanduku tupu karibu na ofisi ya bati. Aliona Anastase anafungua kalamu mahali pa mstari wa tano, akashika ukingo wa sanduku.

"Baba mukwe, hii sijaiona."

"Utaiona."

"Lakini inasema nilishafanya. Mbele yako."

"Protais, mwanangu. Minye niko hapa, nitaenda wapi? Siku ikitokea tutapanda wote wawili, nitakuonyesha pole pole. Hiki ni kitu cha kuona na macho, haiko ya kusema."

"Basi uniambie tu kidogo. Nijue."

Wafanyakazi walikuwa wamekaa hatua kumi tu kutoka pale, wakila. Anastase aliwatazama, akatazama mlima. "Haiko ya kusemea hapa," akasema kwa sauti ya chini. "Nilisema nitakuonyesha."

Akatafuta tarehe. Hakutaka siku ambayo mtu angekumbuka mlipuko fulani na kusema aa, siku hiyo yote yalilipuka. Akaandika tarehe kumi na nne ya mwezi wa kumi, siku ya mvua kubwa, siku ambayo karieri ilifungwa na hakuna aliyewasha hata kiberiti. Akatia sahihi, ile ile nzuri yenye mkia mrefu, ambayo kwa miaka mitatu haikuwa imesimama chini ya uongo wowote. Wino ulikauka upesi kwa jua.

Mkaguzi alikuja na gari lenye vumbi, mtu mnene mwenye haraka na adabu. Alimpima Protais kweli kweli. Alimfanya apime utambi, ajaze shimo, aeleze kwa nini kapsuli hazilali na baruti. Protais alijibu yote bila kutetereka. Walipofika mstari wa tano, mkaguzi alitazama sahihi akainua macho.

"Hii ni ya Anastase?"

"Ndiyo," akasema Anastase, kabla Protais hajafungua mdomo.

"Basi." Akageuza ukurasa.

Ndivyo jina jema linavyoweza kuua mtu. Angekuwa butefe mwingine yeyote, mlevi fulani, mkaguzi angeuliza, na Protais angesema sijui, na wangemrudisha, na angekuwa hai leo huko Kamituga na mvi zake.

Permi ilitoka. Mwezi wa pili wakafunga ndoa kwa mapadri, na Spès, aliyekuwa ameshabeba mimba bila baba yake kujua, alicheza hadi kiatu kikakatika. Walipewa chumba cha nyuma. Asubuhi Anastase alisikia watu wawili wakicheka nyuma ya ukuta wake, akawa anachelewesha chai kwa makusudi ili aendelee kusikia. Mara mbili tatu alikumbuka mstari wa tano. Jumapili, akajiambia, baada ya misa, mbali na karieri, nitamweleza. Jumapili ilikuja na wageni. Ikaja nyingine na mvua. Halafu ikawa kama jambo lenyewe limesainiwa, limekwisha.

Mwezi wa nne vita vikafika bondeni. Waasi walikuwa wanashuka, askari wanapanda, na dada yake Anastase alikuwa peke yake Sange na watoto. Akaondoka kwenda kumchukua. Alimwambia Protais, "Siku tatu. Permi unayo. Fanya kazi." Askari walikuwa wanataka mawe ya kuziba mashimo ya barabara, na hawakuwa watu wa kuambiwa ngoja.

Siku tatu zikawa tisa. Njia ilifungwa nyuma yake. Aliporudi na dada yake na watoto, wakipitia mashambani, wamevimba miguu, alimkuta Hatungimana amekaa mlangoni kwake. Hatungimana alikuwa mzee wa watoboaji, mtu aliyewatangulia wote pale karieri, na kama wenzake alimwita Anastase Kapita, yaani mnyapara wao. Alikuwa amevua kofia.

Anastase hakuuliza nani. Aliuliza, "Lini?"

"Juzi. Tulishamuzika. Hatukuweza kungoja."

Kutoka ndani hakukusikika kilio. Hilo ndilo lililomtisha. Aliketi chini pale pale, na Hatungimana akamsimulia yote, kwa kuwa alikuwa ameyabeba siku mbili na yalimlemea.

Mashimo yalikuwa kumi na moja. Protais aliyajaza mwenyewe, hakuruhusu mtu mwingine. Alifunga barabara pande zote, akapuliza tarumbeta mara tatu, akawasha, akaja kujificha na wenzake. Hatungimana alihesabu kwa desturi yao, vijiwe kumi na kimoja mkono wa kushoto, mlio mmoja kijiwe kimoja kinahamia mkono wa kulia. Milio ikakoma, na kijiwe kimoja kikabaki kushoto.

"Alitazama mukono yangu," akasema Hatungimana. "Akatazama juu. Akauliza, wazee, nani kati yenu alishaona jiwe lililolala? Kapita anafanyaka nini?"

"Mukamujibu nini?"

Hatungimana alikunja kofia yake. "Hatukujibu. Weye unajua hatulitajaka. Wote wakatazama chini. Akauliza tena. Halafu minye, kwa kumuhurumia, nikamuambia kile tu nilikuwa najua. Nikasema, Kapita anapandaka peke yake."

Anastase aliziba uso kwa mikono.

"Basi akangoja moshi kuisha, dakika kumi, kumi na tano. Askari wa barabara alikuwa anapiga kelele, lori ipite. Protais akasema, kama ni peke yake, mubaki hapa wote, mutu asinifuate. Akatoa saa yake akanipatia. Akachukua kile kijiko cha chuma cha kusafisha mashimo, akapanda. Tulisikia anachokoa. Anachokoa pole pole sana, Kapita, kama muntu anatoa mwiba mu muguu ya mutoto."

Hapo ndipo jiwe lilipoamka.

Wiki haikwisha kabla ya Libérat, karani wa ofisi ya migodi pale mjini, kuja kuandika ripoti. Alikuja kwa baiskeli na taipureta imefungwa nyuma, kijana msafi aliyeamini kwamba hata vita lazima vikute mafaili yamepangwa. Aliwauliza watoboaji, akapima umbali kwa hatua, kisha akaketi mezani kwa Anastase na kufungua kijitabu cha marehemu. Spès alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha nyuma, tumbo mbele, mikono imelegea.

"Mstari wa tano," alisoma Libérat. "Marehemu alishughulikia rate mbele ya mwenye permi. Sahihi ipo. Mzee Anastase, ni yako?"

Nafasi ya kusema kweli ilikuwa hiyo. Maneno matatu tu yangetosha. Alifikiria kadi iliyo shingoni, akafikiria gereza, na zaidi ya vyote alifikiria yale macho mlangoni.

"Ni yangu," akasema.

Libérat akagonga taipureta kwa vidole viwili. Alikuwa na huruma, akasoma kwa sauti laini: marehemu alikuwa na ujuzi wa kazi hiyo, alijua hatari yake, hakufuata alichofundishwa. Kosa ni la marehemu. Akamwachia Anastase kijitabu kiwekwe na vitabu vya karieri, akawapa pole wote, akapanda baiskeli yake.

Tangu siku hiyo Spès akageuka. Kabla alikuwa ameganda, sasa akawaka. Alifua shati za mumewe akazifunga mzigo akampelekea mama mkwe wake, Nkeshimana, mjane aliyekuwa amekimbia Sange na kupanga chumba jirani. Alikataa kwenda kaburini. Dada wa Anastase alipomsihi, alijibu kwa sauti iliyosikika hadi barabarani.

"Alijua! Imeandikwa alijua! Baba alimufundisha, na hakuweza kungoja. Sababu ya lori ya askari! Aliniacha na mimba sababu ya lori. Mutoto huyu hataitwa Protais. Hata nikikufa."

Na usiku na mchana baba yake alimsikia, ukuta ni mmoja. Hapakuwa na kicheko tena nyuma yake. Kulikuwa na mwanamke wa miaka ishirini anayejifunza kumchukia mtu aliyempenda, na kila asubuhi alikuwa amejifunza vizuri zaidi. Anastase aliacha kula. Aliona wazi kwamba amemwua Protais mara mbili, na ile ya pili inaendelea.

Siku ya tisa alipiga moyo konde. Alivaa koti la misa akatembea hadi mjini, ofisi ya migodi, kuikana sahihi yake. Alikuwa amejiandaa kwa gereza. Njiani alikutana na watu wanaokuja upande wake, wengi, wenye magodoro na kuku, na hakuwauliza. Ofisi aliikuta wazi na haina mtu. Waasi walikuwa wanasemekana wapo saa chache tu kutoka mjini, na Libérat alikuwa ameondoka na taipureta yake. Karatasi zilikuwa zimetapakaa uani, mbuzi mmoja anazitafuna. Anastase alizunguka chumba hadi chumba akiita hodi, mzee mwenye koti, akitafuta mtu wa serikali, yeyote, wa kumwambia kosa lake. Hakukuwa na serikali ya kulipokea.

Akarudi mbio kwa kadiri magoti yalivyomruhusu. Kwenye ufuko chini ya karieri mitumbwi ilikuwa inapakia watu wa kuvuka kwenda Burundi. Dada yake na watoto walikuwa wameshatangulia. Nkeshimana alikuwa ameketi ndani ya mtumbwi akikumbatia ule mzigo wa shati, na Spès alikuwa amesimama majini, maji ya magoti, akimngoja yeye.

"Baba, ulikuwa wapi? Ingia!"

Hakuingia. Alitoa kijitabu kwenye mfuko wa koti.

"Soma," akasema. "Mstari ya tano. Soma tarehe."

"Sasa hivi? Baba, bantu banakufa kule!"

"Soma, mwanangu. Nakuomba."

Alisoma ili wamalizane. Alikuwa ameshaanza kukifunga alipokifungua tena.

"Kumi na ine, mwezi wa kumi," akasema polepole. "Hapana. Siku hiyo mvua ilinyesha. Karieri ilifungwa." Kidole chake kilikuwa kimesimama juu ya wino. "Alikuwa kwetu. Alishinda jikoni, tulimenya maharagi, weye ulikuwa umelala. Njo siku aliniambia anataka kunioa. Baba. Njo siku ile."

"Ndiyo."

"Sasa hakuwa juu. Hakuwa mu karieri."

"Hakuwa. Hakuwahi kuona rate hata moja. Nilitia sahihi ya uongo. Nilisema nitamuonyesha, sikumuonyesha. Aliniomba nimuambie tu, nikaogopa kulitaja. Nilitaka ubaki, Spès. Usiende Kamituga. Njo sababu yote, haiko ingine. Libérat aliniuliza mbele yako, nikaogopa macho yako."

Spès hakupiga kelele. Alimgeukia Nkeshimana, akauchukua ule mzigo wa shati kutoka mikononi mwake, akauweka kifuani, akainamisha uso ndani yake. Alikaa hivyo, na mabega yake yakatikisika. Aliulilia mzigo ule, akamwomba msamaha mumewe kwa kila neno alilomtupia, moja moja, kwa jina lake, mbele ya watu wasiomjua. Mwenye mtumbwi alianza kulalamika, Nkeshimana akamnyamazisha kwa mkono.

Alipoinua uso, hakumtazama baba yake. Alitazama mlima.

"Niambie," akasema.

"Nikuambie nini?"

"Kile ulipaswa kumuambia. Kinafanywa namna gani? Niambie yote. Nataka kujua ilikuwa kubwa namna gani hata ikakushinda."

Basi Anastase, amesimama majini na koti la misa limelowa, akaufundisha mstari wa tano kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alisema, hesabu ikipungua hata mlio mmoja, mtu asitoke mafichoni. Unangoja saa moja nzima, kwa saa ya mkono, kwa sababu utambi unaweza kulala na moto ndani yake. Ukipanda, unapanda peke yako. Shimo lililokataa huligusi. Udongo uliozibia huuchokoi, si kwa chuma, si kwa mti, si kwa kidole. Unatoboa shimo jipya pembeni, urefu wa mkono kutoka lile, linalokwenda sambamba nalo, unalijaza, unalilipua, nalo linamchukua mwenzake. Halafu unapekua kifusi kwa macho, usije ukaacha baruti au kapsuli ndani.

"Na nini ingine?"

"Haiko ingine."

"Ni hii tu?"

"Ni hii tu, mwanangu."

Mtumbwi wa jirani, uliokuwa unasukumwa alipoanza kusema, ulikuwa bado haujafika maji marefu. Spès aliutazama, akajua somo lile lilikuwa fupi kiasi gani, na Anastase akaona kwamba amejua.

Akakitia kijitabu ndani ya mzigo wa shati, akaufunga upya kwa fundo kali. Nkeshimana akamshika mkono akapanda.

"Mutoto ataitwa Protais," akasema, uso wake umeelekea ng'ambo. "Akiuliza juu ya baba yake, nitamuambia aliuliza mara mbili, na hakuna mutu alimujibu."

Mwenye mtumbwi alimtazama Anastase, akisubiri kujua kama naye anapanda. Nafasi ilikuwepo, kando ya Nkeshimana. Anastase alishika ukingo wa mtumbwi kwa mikono yote miwili, akausukuma, akausukuma tena hadi maji yakamfika kifuani na ile kadi ya kijivu ikaelea mbele yake kwenye uzi wake, ndani ya nailoni, kavu.